Jedwali la Moyo Ulioshindwa

Wanafunzi wa uganga wajiandaapo kwa mtihani hupanga dalili za moyo kushindwa kazi katika safu mbili, kushoto na kulia. Twaona mstari wa kwanza wa jedwali hilo uwe mahali damu inaporundikana, kwani dalili hutokana na hapo. Upande wa kushoto ukishindwa, damu hurundikana mapafuni, na mgonjwa hukosa pumzi alalapo chali. Wa kulia ukishindwa, hurundikana mwilini: miguu huvimba, ini hukua, mishipa ya shingo hutuna.

Tuseme mgonjwa afika hospitalini Tunduru na dalili zote hizo. Yuko safu gani? Zote mbili: mara nyingi upande wa kushoto huanza kushindwa, kisha huulemea wa kulia. Basi mwalimu adai mshale kati ya safu hizo.