Kamalondo: Ukiambiwa "faida ya wastani" ya akiba, uliza kwanza makuta yalianza ngapi na yakaishia ngapi

Siku hizi mtu anayetafuta makuta ya wengine kwa biashara hakosi neno moja mdomoni: wastani. Katika mtaa wa Kamalondo, familia iliyohama makwao ikiwa na akiba ndogo husikia kwamba biashara fulani "inaleta wastani wa asilimia 10 kwa mwaka", na hesabu yake inaonekana safi. Asilimia za kila mwaka zimejumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya miaka. Hakuna aliyedanganya, lakini mwishoni mwa miaka hiyo mfuko unaweza kuwa na makuta kidogo kuliko mwanzo.

Wakaaji wa Lubumbashi wana mfano wao wenyewe, nao ni shaba. Mwishoni mwa mwaka 2007, tani moja ya shaba katika soko la madini la London ilikuwa karibu dola 6,700. Mwaka 2008 ulikuja mtikisiko wa uchumi wa dunia, na mwisho wa mwaka huo tani hiyo ilibaki karibu dola 2,900. Katanga haijasahau: makampuni yalifunga milango na wachimbaji wengi walibaki bila kazi. Mwaka 2009 bei ikapanda tena, na ulipoisha tani ilikuwa karibu dola 7,300.

Sasa zitazamwe asilimia. Mwaka 2008 shaba ilipoteza asilimia 57, na mwaka 2009 ikapata asilimia 152. Kwa wastani wa kawaida, unatoa 57 kwenye 152, inabaki 95, unagawanya kwa miaka miwili, unapata asilimia 47 na nusu kwa mwaka. Mtu akisikia hivyo atadhani dola zake 6,700 zimekuwa zaidi ya 14,500. Ukweli ni kwamba zimekuwa 7,300 tu.

Kosa liko wapi? Liko katika kusahau kwamba kila mwaka asilimia inahesabiwa juu ya kile kilichobaki. Asilimia 57 iliyopotea ilikatwa kwenye dola 6,700, yaani dola 3,800 nzima. Asilimia 152 iliyopatikana ilihesabiwa juu ya dola 2,900 zilizobaki, ikaleta dola 4,400. Asilimia ya pili inaonekana kubwa karibu mara tatu kuliko ya kwanza, lakini kwa dola zimepishana 600 tu. Anayepoteza nusu ya mfuko hahitaji asilimia 50 ili arudi alipokuwa. Anahitaji asilimia 100.

Kwa sababu hiyo, akiba inayoachwa ndani mwaka hadi mwaka haijumlishwi, inazidishwa. Wastani wake unaitwa wastani wa kijiometri, na hesabu yake si ngumu. Gawanya makuta ya mwisho kwa makuta ya mwanzo: 7,300 kwa 6,700 ni karibu 1.09. Kisha, kwa kuwa miaka ni miwili, tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 1.09. Namba hiyo ni karibu 1.044. Maana yake, shaba ilikua kama vile ingepanda asilimia 4.4 kila mwaka bila kuyumba. Asilimia 47 na nusu kwa upande mmoja, 4.4 kwa upande mwingine, na miaka ni ileile.

Tofauti hiyo inatoka kwenye kuyumba kwenyewe. Chukua mfano wa familia tatu, kila moja imeweka dola 1,000 kwa miaka miwili bila kugusa kitu. Ya kwanza inapata asilimia 10 kila mwaka, na inafikisha dola 1,210. Ya pili inapata asilimia 30 mwaka mmoja na kupoteza 10 mwaka mwingine, ikabaki na 1,170. Ya tatu inapata asilimia 80 kisha inapoteza 60, ikabaki na dola 720. Ukizijumlisha asilimia na kugawanya kwa mbili, familia zote tatu zina "wastani wa asilimia 10". Moja kati yao imepoteza zaidi ya robo ya akiba yake. Hata hasara ingetangulia na faida kufuata, hesabu ingeishia palepale.

Basi kanuni ni hii: miaka ikifanana, wastani zote mbili zinalingana, miaka ikipishana, wastani wa kijiometri unashuka chini ya ule wa kawaida, na kadiri miaka inavyoyumba, shimo kati yao linazidi kuwa kubwa. Mwisho wa shimo hilo ni mwaka wa kupoteza vyote. Waliokuwa wakubwa mwaka 1991 wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyopokea makuta ya watu kwa ahadi ya faida kubwa, kisha ikaanguka. Hata miaka ya nyuma ingekuwa mizuri namna gani, ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Wastani wa kujumlisha peke yake ndio ungeweza bado kuonyesha faida.

Haifai lakini kuutupa wastani wa kawaida. Una mahali pake. Katika makundi mengi ya akiba ya AVEC, mzunguko ukiisha, wanamemba wanagawana akiba na faida. Mama anayechukua faida yake nyumbani, akaanza mzunguko mpya kwa kiasi kilekile cha mwanzo, na mwaka wa hasara akajazia pengo kutoka mfukoni, faida zake zinajumlishwa kweli, kwa sababu kila mwaka anaanza na mfuko uleule. Kwake wastani wa kawaida unasema ukweli. Unaanza kupotosha pale makuta yanapoachwa ndani na hasara ya mwaka mmoja inapopunguza mtaji wa mwaka unaofuata.

Kwa familia iliyokimbia vita, jambo hili si la vitabu. Mwenye mshahara akiona mwaka mbaya anaweza kungoja na kuongeza kidogo kidogo. Aliyehama amebeba mfuko mmoja, na kodi ya nyumba na bei ya unga havingoji mwaka mzuri urudi. Kwake faida ndogo isiyoyumba inaweza kuzaa zaidi kuliko faida kubwa inayopanda na kuanguka.

Kwa hiyo viongozi wa makundi ya akiba, na kila anayekusanya makuta ya watu mtaani, wangepaswa kuacha kutangaza wastani peke yake. Waandike kwenye daftari mistari miwili ambayo kila mwanamemba anaweza kuisoma: dola 100 iliyoingia mwaka wa kwanza bila kuguswa ni ngapi leo, na mwaka mbaya kuliko yote ilishuka hadi ngapi. Mstari wa kwanza unabeba wastani wa kijiometri bila hesabu yoyote. Wa pili unaonyesha kuyumba. Anayeyajua makuta anayoyashika anaweza kujibu maswali hayo mawili kwa dakika chache. Akikataa, akaendelea kutaja wastani tu, mama abaki na mfuko wake.