Mafungu Mawili, Mshahara Mmoja

Wapo waajiri wanaolipa mshahara kwa mafungu mawili: malipo ya awali katikati ya mwezi, na salio mwishoni. Twamsihi kila mfanyakazi ayajumlishe. Tuchukue mshahara wa shilingi 400,000 nchini Tanzania. Ukiondoa mchango wa NSSF 40,000 na kodi ya mapato 7,200, hubaki 352,800. Aliyepokea 150,000, kisha 190,000, amepata 340,000; zimepungua 12,800.

Hata hivyo, aisome kwanza hati ya mshahara. Ikiwa malipo ya awali yamekwisha kukatwa humo, mstari wa mwisho wapaswa kuonyesha 202,800, yaani fungu la pili pekee. Kato lolote lisiloandikwa katika hati hiyo, mwajiri analo deni la kulieleza.