BOTI YA MCHEZO ISIAMINI NENO "NIMETUMA"

Leo nataka tuongee kuhusu michezo yetu ya hela, maana naona wengi sasa wanataka kutengeneza boti ya kutunza kumbukumbu na kukumbusha watu. Mimi niliitengeneza, na ikaniponza. Msimamo wangu ni huu: boti ihesabu hela iliyofika, sio hela ambayo mtu amesema ametuma.

Mchezo wetu una watu 10. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa 20,000, mwenye zamu anapokea 200,000. Mimi ndiye mhazini, hela zinaingia kwenye simu yangu. Zamani nilikuwa naandika kwenye daftari la dukani, halafu Ijumaa nzima nashinda napigia watu simu.

Nikafungua boti Telegram. Unamwandikia BotFather neno /newbot, anakupa tokeni. Hiyo tokeni ni kama namba yako ya siri, usimpe mtu. Kumbukumbu nikaziweka Google Sheets, na Apps Script ndiyo inayounganisha boti na jedwali. Mwanachama akiandika kwenye grupu /nimetuma 20000, boti inajumlisha. Nikajiona fundi.

Wiki ya nne zamu ilikuwa ya mama mmoja anayepika chakula sokoni. Boti ikasema 200,000 zimetimia. Mama akaona, akaenda kuchukua mchele na mafuta kwa ahadi ya kulipa jioni. Mimi kufungua simu, nina 160,000! Kumbe mmoja muamala wake ulikataa na hakuangalia. Mwingine aliandika asubuhi akijua atatuma jioni akishauza. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ila ile 40,000 niliitoa kwenye mtaji wa duka, maana mama alishaamini namba ya boti, na boti ni yangu.

Ndipo nikaibadilisha. Sasa mwanachama anaandika kiasi pamoja na namba ya muamala. Boti inaweka mstari kwenye jedwali na kuandika SUBIRI. Mimi nikiona meseji ya hela imeingia, nalinganisha jina na kiasi, ndipo nabadilisha iwe NDIYO. Namba ya muamala pekee usiitegemee, maana hela ikitoka mtandao mwingine inaweza kutofautiana na ile unayoiona wewe. Kazi yake kubwa ni kuzuia marudio: kama namba hiyo tayari ipo kwenye jedwali, boti inakataa, hivyo mtu akibonyeza mara mbili hahesabiwi 40,000.

Jumla inasoma NDIYO tu. Safu D ni kiasi, C ni tarehe ya mchezo, F ni uthibitisho, na H1 ni Jumamosi ya wiki hii:

```
=SUMIFS(D:D,C:C,H1,F:F,"NDIYO")
```

Kwa hesabu hii, ile wiki ya nne boti ingesema 160,000, na mama angejua mapema kabla hajakopa mchele.

Kukumbusha nako kuna mtego. Boti inatuma Alhamisi asubuhi na Jumamosi asubuhi, kwa wasio na NDIYO tu, tena inboksi. Kumtaja mtu mbele ya grupu kwamba hajatoa ni kumwaibisha, na wengine hukimbia mchezo kabisa. Lakini Telegram hairuhusu boti kumwanza mtu inboksi mpaka mwenyewe aifungue na kubonyeza Start. Wawili wetu walikuwa wanaandika kwenye grupu tu, hivyo hawakuwahi kukumbushwa, nasi tukawapiga faini ya kuchelewa. Niligundua nilipofungua kumbukumbu za Apps Script nikakuta:

```
Forbidden: bot can't initiate conversation with a user
```

Faini tukarudisha. Siku hizi hakuna anayeanza mchezo kabla sijamwona amebonyeza Start na kupata meseji ya majaribio.

Kuna watakaosema nimerudisha kazi kwa mhazini. Ni kweli, kila Jumamosi nakaa na simu kama dakika kumi kuthibitisha. Lakini boti yangu haioni simu ya hela, mimi ndiye ninayeiona. Na mhazini naye ni binadamu, anaweza kudanganya au kusahau. Kwa hiyo kila ninapoweka NDIYO, boti inatangaza kwenye grupu jina na kiasi. Ukilipa na usijione, unauliza siku hiyohiyo, sio baada ya miezi miwili.

Kwenu je, hela ikitumwa nani anathibitisha kwamba imefika? Tuambizane hapo kwenye komenti.