"Mradi nimeeleweka" haitoshi

Kila mhadhiri anapomsahihisha mmoja wetu aliyesema "vitabu zangu", jibu la chama chetu ni lile lile: mradi nimeeleweka. Tunaolisema zaidi ni sisi tuliokipata Kiswahili nyumbani, kwa sababu nyumbani kweli tunaeleweka. Mama anakiona kitabu mkononi, ngeli ya nini tena? Nakubali kwamba hoja hiyo ina nguvu pale ambapo maneno yote yamefika na msikilizaji yupo mbele yako. Lakini maneno mengi siku hizi hufika nusu, na hapo ndipo "vi" na "zi" zinapoanza kugharimu pesa.

Mfano mzuri uko Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla mjini Guangzhou, lilipo kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu. Huko huuzwa midoli, vifaa vya shule, mapambo na hata samaki wakavu. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hununua huko, na asiyesafiri huwa na mtu wa kumnunulia. Maagizo hupita kwa WeChat, yanaandikwa harakaharaka huku mwandishi akihudumia wateja wake. Kidole kikigusa kitufe cha kutuma kabla ya wakati, sentensi inakatika.

Tuseme dada mmoja anamnunulia mwenye duka wa Kariakoo, Dar es Salaam. Jana walikubaliana bidhaa nne: kalamu, vichongeo, madaftari na midoli. Vichongeo vilikuwa katoni 30. Mwenye duka alimalizia kwa kusema kwamba kijana wake wa dukani atatuma hesabu ya mwisho kwa simu hiyo hiyo. Leo, saa nane mchana kwa saa za Guangzhou, unaingia ujumbe huu:

"Shikamoo dada, habari za asubuhi. Vile ongeza ishirini, ila zile usi"

Basi. Hakuna kingine, na simu ya upande wa pili haipokelewi. Dada afanye nini?

Wengi wetu tungeruka salamu na kuanzia "vile". Naona hilo ni kosa, maana salamu imeshasema mambo mawili. La kwanza ni nani ameandika. Simu ile inatumiwa na watu wawili, na mwenye duka ana umri mkubwa kuliko dada; yeye humwita "mdogo wangu" na hawezi kumpa shikamoo. Kwa hiyo aliyeandika ni kijana. Peke yake hilo lingetia wasiwasi, kwa kuwa anayeongeza mzigo si mwenye pesa. Lakini mazungumzo ya jana yanaondoa wasiwasi huo: tajiri mwenyewe alisema kijana ndiye atakayeleta hesabu.

La pili ni ujumbe umetoka wapi na lini. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa nane mchana Guangzhou ni saa tatu asubuhi Dar es Salaam, na "habari za asubuhi" inakaa sawasawa na mtu anayefungua duka Kariakoo. Kama salamu hiyo ingeingia saa tatu asubuhi ya Guangzhou, Dar ingekuwa saa kumi alfajiri. Hapo dada angekuwa na haki ya kujiuliza kama kijana yuko mahali pengine, au kama ujumbe ulikwama njiani tangu jana na hesabu yake imeshapitwa.

Sasa tuje kwenye "vile". Kijana amesalimu upya, kisha akasema "vile" bila kutaja kitu. Mtu hafanyi hivyo ila anapoamini kwamba mwenzake ana kitu kile kile akilini. Jibu basi litafutwe pale mazungumzo yalipoishia, kwenye orodha ya jana, na orodha ile ina bahati moja: kila bidhaa ina ngeli yake. Kalamu ni "zile", madaftari ni "yale", midoli ni "ile". Vichongeo peke yake ni "vile". Na kwa kuwa jana walihesabu kwa katoni, ishirini ni katoni ishirini. Ameandika "ongeza", hakuandika "ziwe", kwa hiyo 30 zinakuwa 50. Herufi mbili zimetosha kuchagua bidhaa moja kati ya nne.

"Zile usi" ni habari nyingine. Kwa haraka tungesema: kalamu, usinunue. Lakini "zile" inaweza kuwa kalamu, na inaweza pia kuwa katoni au pesa, ambazo zote ni za ngeli moja. Na "usi" ni mwanzo wa makatazo mengi: usinunue, usipakie, usilipe. Tena ni mwanzo wa "usisahau", ambalo maana yake ni kinyume kabisa, kwamba zinunuliwe bila kukosa. Neno "ila" linaelekeza kwenye katazo, kwa sababu linatofautisha na kuongeza. Kuelekeza, hata hivyo, si kuthibitisha. Dalili zimeishia hapo, na msomaji mzuri anajua zimeishia wapi.

Kwa hiyo dada atende kwa nusu ya kwanza na aulize nusu ya pili. Asiulize "unasemaje?", kwani swali hilo linamrudisha kijana mwanzo na linaweza kuleta ujumbe mwingine uliokatika. Aandike alivyoelewa: "Marahaba. Vichongeo naongeza katoni 20, jumla 50. Kalamu nimezisimamisha kwanza. Nisizinunue kabisa, au nisizipakie kwenye mzigo huu?" Kijana anaweza kujibu kwa neno moja. Kama amefahamiwa vibaya, ataliona kosa papo hapo, kabla katoni hazijafungwa.

Mtu atasema, na atakuwa na haki, kwamba njia hii inategemea mwandishi anayefuata ngeli. Katika Kiswahili cha mitaani Nairobi, mtu anaweza kusema "vitu zile" bila kumshangaza yeyote. "Zile" yake basi haichagui kitu. Inakwambia tu kwamba ni vingi. Kabla ya kutegemea kiambishi, pandisha juu usome ujumbe wake wa zamani: je, huandika "vichongeo vile" au "vichongeo zile"? Kama ni hiyo ya pili, weka ngeli kando utegemee salamu na mazungumzo ya awali. Simdharau anayesema hivyo, maana Kiswahili chake kinatosha kwa wanaoonana. Ninachosema ni kwamba msomaji wa ujumbe wake uliokatika amenyang'anywa dalili moja, na huenda ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Ndiyo maana siridhiki na namna tunavyofanya mazoezi chamani. Salamu tunazikariri kama wimbo, shikamoo na marahaba, kisha tunasema sasa tuanze mazungumzo, ilhali yamekwisha kuanza. Ngeli nazo tunajaza kwenye jedwali. Napendekeza jioni moja kwa mwezi tuletewe ujumbe uliokatwa, pamoja na mazungumzo yaliyoutangulia, na kila mmoja aandike mambo matatu: anachojua, dalili iliyomwambia, na swali moja analorudisha. Wahadhiri wachague wapi pa kukata. Tuliolelewa na Kiswahili tutagundua haraka nani kati yetu anasoma na nani anakisia tu kwa mazoea ya nyumbani.