Boko boko halitaki moto mkubwa

Mashoga zetu, kila Idi ikikaribia tunasikia maneno yale yale: boko boko la mafigani linaungua, bora gesi. Sisi hatukubali. Kinacholiunguza si kuni, ni mtu kuzisukuma zote ndani halafu akaenda kupaka hina.

Idi iliyopita tulipika kilo mbili za ngano iliyolowekwa usiku kucha, na nyama kilo mbili. Kuni zilikuwa tatu tu, za mvinje mkavu, unene wa kifundo cha mkono. Kila moja ilipita kati ya figa na figa, ncha zikakutana katikati. Ukitaka moto unasukuma kidogo, ukitaka upungue unavuta nyuma. Ukizirundika, hewa haipiti, unabaki na moshi.

Mpaka lichemke na povu litolewe, ndimi za moto ziguse kitako cha sufuria. Hapo tukavuta kuni mbili na kuzichomeka ncha mchangani, maana ncha inayofuka pembeni ndiyo inayotutoa machozi. Ikabaki moja. Mfuniko ukirukaruka, moto bado mkubwa. Tunataka mapovu madogo upande mmoja tu. Na usiumwagie maji. Majivu yataruka hadi kwenye chakula, na figa lenye moto linaweza kupasuka.

Kazi hasa huanza ngano ikishapasuka na uji kuwa mzito. Uji mzito hauzunguki wenyewe, joto linakaa chini, na katikati ndiko kunakoungua kwanza. Basi tunatoa kuni ya mwisho, tunayasogeza makaa kutoka katikati yakae duara pembeni, tunayafunika majivu membamba. Membamba, kwa sababu ukiyazika hewa inapungua na joto linafifia. Wekundu ukipenya kidogo kwenye majivu, hapo sawa. Makaa machache tunayapalia juu ya mfuniko, na kila tukitaka kukoroga tunayapangusa kwanza, kisha mwiko ufike mpaka chini.

Mmoja wetu akaona linachelewa, akarudisha kuni kimyakimya. Robo saa haikupita, harufu! Tukaepua, tukahamishia la juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, tukaongeza kikombe cha maji ya moto na kurudi kwenye makaa. Wageni walikula hawakujua. Lau tungekwangua, ule ukoko ungeharibu sufuria nzima, na samli isingeficha kitu.

Nawe bi harusi mtarajiwa, siku wifi zako watakapokuita uani, vua kwanza baibui la nailoni, likishika moto linayeyuka na kugandana na ngozi. Jifunge kanga ya pamba, ncha uzichomeke vizuri, ukae upande upepo unakotokea.