Jopo Linalokujua

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndiyo faraja anayopewa mtumishi wa umma anayekwenda kuhojiwa na wenzake wa ofisi moja ili apandishwe cheo: wanajopo ni watu wa nyumbani, watamsitiri. Nadai kwamba faraja hiyo ni hadaa, na kwamba jopo linalojivunia kumjua mhojiwa ndilo linaloweza kumdhulumu kwa urahisi zaidi, yeye au mshindani wake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 232, inataka uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma uongozwe na ushindani wa haki na sifa za mtu. Ushindani hauwezekani pale ambapo mmoja anapimwa kwa majibu yake na mwingine kwa sifa alizojijengea kwenye chumba cha chai. Hata hivyo, mara ngapi tumesikia mwanajopo akisema, “Swali hili tuliruke, huyu tunamfahamu”? Anadhani anatenda hisani. Swali lililorukwa halina jibu, na lisilo na jibu hupewa alama za kukisia. Mwanajopo mwaminifu, ambaye hutunuku kile tu kilichosemwa, hana cha kuandika. Ndiyo maana mhojiwa anayejibu kwa “kama mnavyojua” hujiponza mwenyewe. Mradi aliousimamia kwa miaka mitatu, hata kama mwenyekiti alikuwamo, hana budi kuueleza upya: tatizo lilikuwa nini, yeye alifanya nini, matokeo yakawa yapi.

Lakini mzigo mkubwa ni wa jopo. Tuchukue mfano wa wanajopo watatu na wawaniaji wawili, alama zikiwa chini ya 100. Mwaniaji wa kwanza anapata 74, 72 na 91. Wa pili anapata 78, 77 na 76. Wastani wa wa kwanza ni 79, wa pili 77, na cheo kinakwenda kwa wa kwanza. Tazama tena: wanajopo wawili kati ya watatu walimwona wa pili kuwa bora. Aliyeamua ni yule mmoja aliyetoa 91, naye huenda alisoma na mwaniaji huyo, au wameshirikiana kwenye kamati kwa muongo mzima. Hakuna aliyeghushi chochote. Hesabu ni sahihi, kumbukumbu zimetiwa saini, na dhuluma imekamilika.

Dawa inayotajwa kila mara ni kutangaza mgongano wa maslahi. Nakubaliana nayo, ila jinsi inavyotumika ni kichekesho. Mwanajopo anatangaza kwamba mwaniaji fulani ni rafiki yake, anatoka nje kwa dakika 30, kisha anarudi kuwahoji wengine. Yaani hamwekei rafiki yake alama, bali anawawekea washindani wa rafiki yake! Akimpunguzia kila mmoja wao alama nane, amemsaidia swahiba kuliko kama angebaki chumbani. Anayejitoa hana budi kujitoa katika nafasi nzima: tangu kuchuja maombi hadi kujadili matokeo.

Hapo huulizwa: katika idara ya watu kumi na wanane wanaojuana wote, akijitoa kila anayemjua mwaniaji, jopo litaundwa na nani? Swali ni halali, ila linachanganya mambo mawili. Kujuana si kosa. Kinachomwondoa mtu ni kuwa na cha kupata au cha kupoteza: udugu, deni, ugomvi uliofika kwa mkubwa, biashara ya pamoja, au kuwahi kuwania cheo kilekile na kushindwa. Waliobaki wakiwa wachache mno, aalikwe mtu wa idara nyingine. Hajui siasa za ofisi, na ndiyo sababu anafaa.

Sambamba na hilo, kila mwanajopo aandike alama zake na sababu zake, aitie saini karatasi na kumkabidhi katibu kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Mwenyekiti akitangulia kusema “huyu alikuwa mzuri sana”, walio chini yake hufuta na kuandika upya. Nani atambishia bosi atakayekutana naye kesho asubuhi? Tofauti inayozidi alama 10 ielezwe kwa maandishi na aliyeisababisha, kwa kurejelea jibu lililotolewa chumbani. Yule wa 91 angelazimika kuonyesha alisikia nini ambacho wenzake wawili hawakukisikia.

Aliyekosa cheo naye asiishie kunung’unika. Kifungu cha 47 cha Katiba hiyohiyo kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo uamuzi wa kiutawala umeathiri haki yake. Aandike barua aziombe. Katibu mwenye karatasi tatu zilizotiwa saini kabla ya mjadala ataijibu barua hiyo kwa aya moja. Asiyekuwa na chochote ila jumla iliyokubaliwa mezani atalazimika kutunga.