Kupachika mzizi hakutoshi

Mwandishi aliyedai kwamba mwanafunzi akishagawanya polinomia apachike tu mzizi, na baki likilingana jibu lote ni sahihi, amewapotosha wanafunzi. Namjibu kwa niaba ya wale wanaojaza meza za maktaba ya Kaloleni, hapa Makadara.

Tugawanye 2x³ − 3x² + 4x − 5 kwa x − 2. Jibu sahihi ni 2x² + x + 6, baki 7. Sasa mwanafunzi anakosea alama moja, anaandika 2x² − x + 6, baki 7. Anapachika 2 kwenye polinomia: 16 − 12 + 8 − 5 = 7. Anafurahi, kumbe amekosa.

Sababu ni wazi. x ikiwa 2, x − 2 ni sifuri, na sifuri humeza chochote kilichozidishwa nayo. Kwa hiyo mzizi hupima baki peke yake. Jibu la kugawanya halijaguswa.

Dawa ni kupachika namba ya pili. Sifuri haifai hapa, kwa kuwa inapima 6 na baki tu: −2 × 6 + 7 = −5, kosa linapita. Pachika 1. Polinomia inatoa −2. Jibu la mwanafunzi linatoa −1 × 7 + 7, yaani 0. Kosa limefichuka.

Makosa mawili yanaweza kufutana kwenye 1. Ukiwa na shaka, jaribu −1 pia. Mzizi tuendelee kuutumia, lakini usiwe shahidi wa pekee.